Slebu imemwagwa msimu wa kusi hapa Mtwara: maji siku ngapi, mirunda itoke lini, rangi lini?

Mkazi wa Chuno (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Najenga ghorofa moja hapa Chuno, Mtwara mjini. Juzi tumemwaga slebu ya mita 10 kwa 6, unene sentimita 15. Tulianza saa tatu asubuhi tukamaliza alasiri, na upepo wa kusi ulivuma mchana kutwa, ule wa kupeperusha mifuko mitupu ya saruji. Jua halikuwa kali, hata vibarua walikuwa wamevaa masweta asubuhi.

Fundi wangu anasema kwa ubaridi huu zege halina haja ya maji mengi. Nimwagilie asubuhi na jioni kwa siku tatu basi, na mirunda tuitoe siku ya 14. Shemeji yangu alijenga Lindi mwezi wa pili, yeye anasema alimwagilia wiki nzima. Huku chini vyumba viwili vimeshapigwa plasta na mama watoto anataka rangi iishe kabla korosho hazijaanza kuokotwa, kwa sababu tukiingia shamba hakuna tena wa kusimamia mafundi.

Naomba mnifundishe namna ya kukadiria hizi siku. Na jingine: jioni ileile ya kumwaga niliona nyufa nyembamba upande unaotazama bahari, urefu kama wa mkono, zimekaa kama zimepangwa sambamba. Ni za kuogopa?

---

Fundi wa Msangamkuu

Ndugu yangu, zege ni siku 28, hiyo haibadiliki uwe Mtwara au Arusha. Ila kumwagilia ndiko kunakobadilika. Wakati wa kaskazi jua linachoma, lazima maji mengi. Wakati wa kusi hali ni ya ubaridi, zege linabaki na maji yake lenyewe. Siku tatu zinatosha, nne ukitaka roho itulie. Hizo nyufa ni za juujuu, utazifunika kwa niru ya sakafu.

---

Binti Mikindani

Shikamoo fundi. Kwenye siku 28 na kwenye upepo nina la kuongeza, kwa sababu kazi yangu ni maabara ya vifaa vya ujenzi, kila wiki tunavunja vipande vya zege kwenye mashine.

Siku 28 ni siku tuliyokubaliana kupima, na kile kipande kinakuwa kimelala ndani ya maji yenye joto la nyuzi 20 muda wote huo. Zege halisimami siku ya 28, linaendelea kupata nguvu miezi mingine mingi mradi lina unyevu. Sasa slebu ya Chuno haijalala ndani ya maji na joto lake si 20. Kwa hiyo kuna maswali mawili tofauti, la joto na la maji.

La joto lina hesabu nyepesi. Chukua wastani wa joto la siku, ongeza 10, zidisha kwa idadi ya siku. Kipande cha maabara: 20 na 10 ni 30, mara siku 28, unapata 840. Hiyo ndiyo safari nzima. Mtwara mwezi wa saba wastani wa usiku na mchana tuseme 24, kila siku unatembea 34, unafika 840 kwa siku kama 25. Mwezi wa pili tuseme wastani ni 28, kila siku 38, unafika kwa siku 22. Unaona tofauti ilivyo ndogo? Kwa pwani yetu joto linabadilisha siku tatu tu. Ambaye yuko kwenye nchi ya barafu ndiye atakayelia na hesabu hii.

Tofauti kubwa kwetu iko kwenye maji, na hapo ndipo kusi inapotudanganya. Ngozi yako inahisi ubaridi kwa sababu upepo unaondoa jasho haraka. Maji ya juu ya zege nayo yanaondolewa hivyohivyo. Nimepiga hesabu kwa slebu ya mita za mraba 60. Siku ya kusi, hewa nyuzi 27, zege lenyewe 30, unyevu wa hewa asilimia 60, upepo kilomita 25 kwa saa: kila mita ya mraba inapoteza lita 1.1 kwa saa. Slebu nzima ni lita 68, yaani zaidi ya ndoo tatu kubwa kila saa. Siku ya mwezi wa pili, hewa 31, zege 33, unyevu asilimia 80, upepo mdogo wa kilomita 8: inapoteza lita 0.3 kwa mita. Slebu nzima haifiki ndoo moja kwa saa. Jua la mwezi wa pili linauma zaidi, lakini ile hewa imeshiba maji, haina pa kuyaweka mengine.

Zege bichi hupandisha maji kidogo juu baada ya kusawazishwa. Upepo ukiyanywa kwa kasi kuliko yanavyopanda, uso unasinyaa kabla haujawa na nguvu ya kujishika, unapasuka. Ukifika lita moja kwa mita kwa saa ujue uko kwenye hatari. Nyufa fupi, sambamba, zilizotokea siku ileile, tena upande wa upepo, ni hizo hasa. Ukiona nyufa zinafuata mstari wa nondo hiyo ni habari nyingine, zege limeshuka likakwama kwenye nondo, na hapo ni lazima mhandisi aje aangalie.

---

Mkazi wa Chuno

Dada umenifumbua. Nyufa hazifuati nondo, zimekaa mshazari. Hiyo hesabu ya lita tunaweza kuipata tuwe tunapiga wenyewe?

---

Binti Mikindani

Ni hii. `Tc` ni joto la zege, `Ta` joto la hewa, `r` unyevu wa hewa kwa desimali (asilimia 60 ni 0.6), `V` upepo kwa kilomita kwa saa. Jibu ni kilo za maji kwa mita ya mraba kwa saa, na kilo ni lita.

```
E = 5 * ((Tc+18)^2.5 - r*(Ta+18)^2.5) * (V+4) * 10^-6
```

Ni kwa uso wa zege ambao bado una maji, yaani siku ya kumwaga. Upepo na unyevu utavipata kwenye utabiri wa hewa wa simu. Ukiona jibu linakaribia 1, usianze saa tatu asubuhi. Anzeni alfajiri mmalize kabla upepo haujachachamaa, au funga turubai upande wa kusi, na kila kipande kinachosawazishwa kifunikwe nailoni palepale.

Kwa slebu yako ambayo imeshamwagwa: usimwagilie asubuhi na jioni. Katikati ya hapo uso unakauka na kulowa, kukauka na kulowa, na hiyo inaupasua zaidi. Zungusha tuta la udongo au la mota dhaifu kwenye kingo, jaza maji ya sentimita tatu hadi tano, yakae. Au tandika magunia, yalowe muda wote, juu yake nailoni iliyowekewa mawe. Mfuko wako wa saruji umeandikwaje?

---

Mkazi wa Chuno

CEM II, 32.5N.

---

Binti Mikindani

Basi siku 10 za unyevu usiokatika, na ukifika 14 ni bora zaidi. Saba ni kwa saruji tupu isiyochanganywa. Hiyo ya CEM II ina mchanganyiko mwingine ndani yake, na herufi N inamaanisha inaanza kwa mwendo wa kawaida. Ingekuwa R ingekimbia siku za mwanzo.

Ukiacha likauke siku ya tatu, unga wa saruji uliobaki ndani haupati maji ya kuungana nayo, kazi inasimama. Katikati ya slebu patanusurika, lakini sentimita mbili tatu za juu zitabaki dhaifu na zenye vinyweleo, na ndizo zinazozuia hewa ya chumvi isifike kwenye nondo. Kwa nyumba inayoiona bahari mimi ningeogopa hilo kuliko kitu chochote.

---

Newala Juu

Mambo ya kujaza bwawa juu ya slebu ni ya ninyi wenye maji. Huku juu ya uwanda wa Makonde pipa la maji tunanunua, na upepo wetu hauna msimu. Tufanyeje?

---

Fundi wa Msangamkuu

Newala nimefanya kazi. Tulikuwa tunafunika kwa nyasi na mchanga uliolowa. Mchanga unashika maji kuliko gunia.

---

Binti Mikindani

Fundi yuko sahihi, mchanga wa sentimita tano uliolowa unafaa sana. Kwa mwenye shida ya maji mimi ningetanguliza nailoni: lowesha uso mara moja zege likishagoma kubonyea kwa kidole, tandaza nailoni nzito, pishanisha maungio, bana kingo zote kwa mbao na mchanga. Hapo hauongezi maji, unazuia yaliyomo yasitoke. Inua kona moja asubuhi. Ukikuta matone upande wa ndani, zege bado lina maji. Ukikuta pakavu na rangi imepauka, kuna mahali upepo unaingia, na hapo ndipo utatumia ndoo zako.

Na kumbuka Newala usiku wa kusi ni baridi kweli. Wastani ukishuka kwenye 20 au 21, safari yako ya 840 inarudi siku 27 au 28. Usiige siku za Mtwara mjini.

---

Mzee wa Nachingwea

Wanangu, mimi swali langu la rangi halijajibiwa. Ukuta wangu wa sebule ulipakwa rangi ya mafuta mwaka jana mwezi wa pili, ukavimba malengelenge, ukitoboa yanatoka maji. Fundi alisema rangi ni feki. Nikabadilisha kampuni, nikapaka tena, ukavimba tena palepale. Hiyo zege ya nailoni itanisaidia?

---

Duka la Rangi Lindi

Shikamoo mzee. Nailoni ya dada ni ya slebu, yako ni plasta. Ila ngoja nikusaidie, maana wateja wa namna yako nawapata kila masika, na wote wanakuja na kopo mkononi wakidai hela.

Zege tunalibembeleza maji yasitoke. Rangi inataka maji yawe yameshatoka. Kwa hiyo ile hewa nzito ya mwezi wa pili aliyoisifia dada kwa slebu ndiyo adui wa rangi. Watu wetu wanapata hela za korosho kuanzia mwezi wa kumi, wanapiga plasta mwezi wa kumi na mbili, mvua imeshaanza, mwezi wa pili wanapaka. Plasta ya milimita 15 ukiipa hali nzuri ya hewa inatoa maji kama milimita moja kwa siku, sema wiki mbili. Lakini nyuma yake kuna tofali lililolowa mvua kabla halijapauliwa, na upande wa pili kuna plasta nyingine. Masika hizo wiki mbili zinakuwa miezi miwili kirahisi.

Rangi ya mafuta ni ngozi isiyopitisha mvuke. Maji yakisukuma kutoka ndani yanainua lengelenge. Zaidi ya hapo plasta changa ina ukali wa chokaa unaoila rangi ya mafuta, unaikuta inanata kama sabuni. Rangi ya maji inavumilia kidogo, inapumua.

Kipimo changu ni hiki, nakiandika hata nyuma ya risiti: kata nailoni nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, iache usiku na mchana. Ukiifungua ukakuta jasho ndani, au ukuta umekoza rangi pale, bado. Bandika sehemu ya chini karibu na sakafu na nyuma ya mlango, usibandike pale penye dirisha ambapo pamekauka siku nyingi.

---

Mzee wa Nachingwea

Hapo kwenye malengelenge kuna na unga mweupe. Nikifuta unarudi.

---

Duka la Rangi Lindi

Hiyo ni chumvi inayobebwa na maji. Kwa kawaida unaifuta kwa brashi kavu, usiioshe, unasubiri, unafuta tena, mpaka iache kurudi. Ndipo praima ya ukuta mpya, kisha rangi ya maji.

---

Binti Mikindani

Mzee, mchanga wa plasta ulitoka wapi?

---

Mzee wa Nachingwea

Lori lilileta kutoka pwani, kijana alisema ni mweupe na laini, hauna taka.

---

Binti Mikindani

Nilikuwa naogopa hilo. Chumvi ya bahari inaanza kunyonya maji hewani unyevu ukipita kama asilimia 75, na masika usiku tunapita hapo karibu kila siku. Ukuta wenye mchanga wa ufukweni unakauka mchana na kulowa usiku bila hata tone la mvua. Kwa ukuta kama huo hakuna idadi ya siku nitakayokupa, kwa sababu maji hayatokani na ujenzi tena. Bandua eneo moja dogo la rangi, futa unga kila unaporudi, msimu mzima wa kusi. Ukipungua mwezi hadi mwezi, kuna matumaini. Ukirudi uleule, plasta ile ibanduliwe mpaka kwenye tofali na ipigwe kwa mchanga wa mtoni.

Kabla ya kununua mchanga, chukua konzi uweke kwenye glasi ya maji safi, koroga, acha yatulie, onja. Ulimi unatambua chumvi nyingi. Haukuambii kama ni kidogo, kwa hiyo kwa zege lenye nondo usitegemee ulimi.

---

Duka la Rangi Lindi

Sisemi dada amekosea, lakini nina mteja wa Mitwero aliyepiga plasta ya mchanga wa namna hiyo, akapaka rangi ya chokaa tu, na nyumba ina miaka inasimama vizuri. Chokaa inapumua.

---

Binti Mikindani

Chokaa inaweza, nakubali. Ataipaka upya kila baada ya muda lakini haitavimba. Kwa mzee ni uchaguzi halali kama hataki kubandua.

---

Mkazi wa Chuno

Narudi kwenye rangi yangu. Plasta ya vyumba vya chini ina wiki tatu, na upepo unapita ndani kwa kuwa madirisha hayajawekwa vioo. Kopo la rangi ya maji limeandikwa mkono wa pili baada ya saa 2 hadi 4, la mafuta ya grili saa 16 hadi 24. Nizifuate hizo?

---

Duka la Rangi Lindi

Saa za kwenye kopo zimepimwa kwenye hewa ya nyuzi kama 25 na unyevu wa wastani. Kusi hii saa mbili tatu zitakutosha kwa rangi ya maji, na shida yako itakuwa kinyume: ukuta unaopigwa na jua la mchana unanyonya rangi kabla rola haijarudi, inabaki michirizi, na rangi haipati muda wa kushikamana. Paka upande wa kivulini, lifuate jua kwa nyuma. Masika usiguse mkono wa pili kabla ya saa sita hata kama kidole kinatoka kikavu.

Ya mafuta usiipime kwa kugusa. Inakauka kwa kuvuta oksijeni, inaanza juu. Bonyeza dole gumba halafu lizungushe. Ngozi ikijikunja, chini bado bichi, na mkono wa pili utaifungia hivyohivyo. Anayepaka nene ili amalize mara moja ndiye anayesubiri wiki.

Na grili usipake jioni. Hewa ikiwa nyuzi 27 na unyevu asilimia 85, chuma kikipoa kufika 24 kinatoa jasho, na chuma cha nje kinafika hapo usiku bila shida. Umande ukikuta rangi haijashika, asubuhi mng'ao umekufa, imekuwa kama imepakwa majivu. Paka saa nne asubuhi chuma kikishapata joto, uache saa tisa.

---

Fundi wa Msangamkuu

Hayo ya maji nimeyakubali, kesho nitawaambia vijana wangu. Lakini mirunda bado nasema 14. Mbao zinakodishwa kwa siku, mwenye nyumba ndiye anayelipa.

---

Binti Mikindani

Fundi, tupige pamoja. Siku 14 mara 34 ni 476. Ukigawa kwa 30 ni sawa na siku 16 za maabara, na hiyo ni kama maji hayakukatika. Saruji ya 32.5N siku hiyo bado ina safari. Mbao za pembeni mwa slebu zimeshaweza kutoka toka siku ya pili, hizo wahini mrudishe. Mkazi wa Chuno, chumba kipana zaidi kina upana gani, na juu mtaweka tofali lini?

---

Mkazi wa Chuno

Sebule ni mita 5. Tofali fundi alitaka zipande wiki ijayo.

---

Binti Mikindani

Kwa mita 5 mimi nasema 21, na tofali zisipande kwa mafungu katikati ya sebule wakati wowote kabla ya hapo. Vyumba vyembamba vya mita 3 naweza kuelewana na fundi kwenye 14, mhandisi wako akikubali. Usikubali mtu atoe mirunda kisha airudishe kwa kubahatisha, slebu ikishalegea kidogo haibebwi tena sawasawa.

---

Fundi wa Msangamkuu

Sebule nimeachia. Vyumba nabaki na 14 yangu.

---

Mkazi wa Chuno

Tuta la udongo nimeshazungusha leo na maji yamejaa, yanapungua kwa upande wa baharini haraka kuliko upande wa barabarani. Nyufa nitaonyesha mhandisi Jumatatu. Nailoni nimebandika ukutani mbili, moja nyuma ya mlango wa chumba cha watoto na moja chini ya dirisha.

---

Duka la Rangi Lindi

Ya nyuma ya mlango ndiyo uisikilize. Ikitoa jasho na ya dirishani ikawa kavu, usipake chumba nusu. Acha milango wazi, usiwashe jiko la mkaa ndani kuharakisha, moshi wake unachafua plasta. Rudia nailoni baada ya wiki. Kwa kusi hii nadhani kabla ya mwezi wa tisa utakuwa unapaka mkono wa kwanza.